Tangazo lipi limeuza? Mwongozo kamili wa kupima redio na mitandao pale mibofyo isipoonekana

Mtu wa Mbagala anasikia tangazo la juisi redioni akiwa kwenye daladala. Usiku analiona tena Instagram, analipita bila kulibofya. Jumamosi anakwenda kwa Mangi, anachukua chupa mbili, analipa taslimu. Ukifungua ripoti ya mibofyo, mteja huyu hayupo. Mauzo yapo, fedha imeingia, ila hakuna alama inayoyaunganisha na tangazo lolote.

Kwa Dar es Salaam hali hii si mpya. Bidhaa nyingi za dukani hazijawahi kufuatilika kwa mibofyo. Kilichobadilika ni kwamba hata wale waliokuwa wakiuza mtandaoni nao wamepoteza sehemu ya macho yao. Kivinjari cha Safari kilianza kuzuia kabisa vidakuzi vya watu wa tatu mwaka 2020, na Aprili 2021 Apple ikailazimisha kila programu kwenye iPhone kuomba ruhusa kabla ya kumfuatilia mtumiaji. Hapa nyumbani tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume inayoisimamia. Kukusanya namba za simu za wateja ili kuzioanisha na matangazo sasa ni kazi yenye masharti.

Njia ya kupima bila mibofyo ni modeli ya mchanganyiko wa matangazo, nayo haimfuatilii mtu. Inachukua jumla za kila wiki: tumeuza kiasi gani, tumetumia kiasi gani redioni, kiasi gani mitandaoni, bei ilikuwaje, Ramadhani ilikuwepo au la. Kisha inauliza swali moja: fedha ya redio ilipopanda na kushuka, mauzo yalifanya nini, ukishaondoa athari ya mambo mengine yote? Hakuna jina wala namba ya simu inayohitajika, na ukiona mtu anakuletea jedwali lenye namba za wateja kwa ajili ya kazi hii, mrudishie akakuletee jumla tu.

Nitatumia mfano wa kutunga wa kampuni ya Dar inayouza juisi nzito ya kuchanganya na maji. Inatangaza redioni, Facebook na Instagram, na ina mabango machache Barabara ya Nyerere na Mandela. Katoni moja inauzwa shilingi 24,000, na ukitoa gharama za kuitengeneza na kuifikisha inabaki faida ya shilingi 7,000. Namba ni za mfano, lakini hesabu ni hizi hizi utakazofanya kwenye zako.

Kwanza, mauzo yapi?

Hapa ndipo modeli nyingi zinapoharibika, kabla hata ya fomula ya kwanza. Ukichukua katoni zilizotoka kiwandani, unapima tabia ya wafanyabiashara wa jumla wa Kariakoo, si ya mnywaji. Mfanyabiashara wa jumla anajaza stoo wiki tatu kabla ya Ramadhani, au akisikia fununu kwamba bei inapanda. Wiki hiyo katoni zinaruka, halafu wiki mbili zinazofuata anakaa kimya kwa sababu bado ana mzigo. Tangazo lililorushwa katika wiki hizo mbili litaonekana halina kazi, na lile lililobahatika kurushwa alipojaza stoo litaonekana la dhahabu.

Tafuta namba iliyo karibu zaidi na mlaji. Kama mna wasambazaji, waombe katoni walizowauzia maduka kila wiki. Wengi wanazo kwenye mashine za EFD hata kama hawajawahi kuzijumlisha. Namba za wasambazaji sita wenye kumbukumbu safi ni bora kuliko za kiwanda kizima, mradi wawe ni wale wale tangu mwanzo hadi mwisho. Hesabu katoni, si shilingi, ili bei ibaki jambo linalojitegemea.

Unahitaji angalau wiki 104, yaani miaka miwili. Mwaka mmoja hautoshi kwa sababu Ramadhani inatokea mara moja tu, na kompyuta haiwezi kuitenganisha na msimu iliyoangukia. Ukiwa na miaka miwili au mitatu, kalenda yenyewe inakusaidia: Ramadhani huwahi kwa takribani siku 11 kila mwaka. Mwaka 2023 ilianza karibu na 23 Machi, 2024 karibu na 12 Machi, 2025 mwanzoni kabisa mwa Machi. Joto la Dar halisogei hivyo, na tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha kiu ya futari na kiu ya jua.

Jedwali

Fungua Excel au Google Sheets. Kila mstari ni wiki moja. Safu A ni tarehe ya Jumatatu, B katoni zilizouzwa, C fedha ya redio na D fedha ya mitandao, zote kwa milioni za shilingi. Safu E hadi H ziache wazi kwa sasa. I ni bei, J Ramadhani, K joto, L upungufu wa bidhaa.

Fedha ya tangazo iandikwe kwenye wiki tangazo lilipotoka, si wiki ankara ilipolipwa. Redio huwa zinatoza kwa mwezi, na mhasibu analipa anapoweza. Omba ripoti ya urushaji kutoka kituoni, yenye saa na tarehe za kila tangazo, na uigawe fedha kulingana nayo. Utagundua pia matangazo ya nyongeza mliyopewa bure. Hayo nayo yamesikika, kwa hiyo yape thamani ya bei ya kawaida wakati wa kujenga modeli.

Bei iandike kama tofauti na bei ya kawaida, kwa maelfu: ikipanda kutoka 24,000 hadi 25,000 andika 1, ikibaki ilivyo andika 0. Joto vivyo hivyo: wastani wa joto la juu wa wiki ukitoa 30. Takwimu zake utazipata Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ramadhani ni sehemu ya wiki iliyokuwa ndani ya mwezi huo, kuanzia 0 hadi 1. Upungufu ni 1 kwa wiki ambayo bidhaa ilikosekana madukani, vinginevyo 0. Usiiruke safu hii ya mwisho. Wiki ambayo tangazo lilinguruma na rafu zikawa tupu itaihukumu redio kwa kosa la stoo.

Mabango yako wapi? Yamelipiwa fedha ile ile kila mwezi kwa miaka miwili, hayakuwahi kushuka wala kupanda. Kitu kisichobadilika modeli haiwezi kukipima. Mchango wake utajificha ndani ya mauzo ya msingi, na anayekuletea asilimia ya mabango katika hali hii ameibuni.

Masalia na shibe

Tangazo la leo halifi leo. Mtu anaweza kulisikia Jumanne na kununua wiki ijayo. Kwa hiyo kila wiki tunabeba sehemu ya nguvu ya wiki iliyopita. Nayaita masalia. Ukitumia milioni 10 redioni wiki moja na kuacha kabisa, kwa kiwango cha masalia cha 0.5 nguvu iliyopo ni 10, kisha 5, kisha 2.5, kisha 1.25.

Pili, soko linashiba. Tangazo la kwanza la siku linamfikia mtu mpya, la kumi na tano linamfikia yule yule aliyekwisha kulikariri. Kwa hiyo masalia tunayapitisha kwenye fomula inayopinda, ambayo haizidi 1 hata ukimwaga fedha kiasi gani.

```
E2:  =C2
E3:  =C3+0.5*E2
F2:  =D2
F3:  =D3+0.2*F2
G2:  =E2/(E2+12)
H2:  =F2/(F2+5)
```

Vuta E3 na F3 hadi mstari wa 105, na G2 na H2 vivyo hivyo. Namba 12 ni kiwango cha masalia ambapo redio inafika nusu ya uwezo wake wote. Masalia yakiwa 12 unapata 0.5. Yakiwa mara mbili, 24, unapata 0.67 tu.

0.5, 0.2, 12 na 5 zimetoka wapi? Ni makisio ya kuanzia. Redio jaribu masalia kati ya 0.3 na 0.7, mitandao kati ya 0 na 0.4, na namba za shibe zicheze karibu na wastani wa masalia yako. Namna ya kuchagua ninaieleza muda si mrefu.

Kuendesha hesabu

Kwenye seli tupu, pembeni ya jedwali, andika:

```
=LINEST(B2:B105, G2:L105, TRUE, TRUE)
```

Excel ya zamani itakutaka uchague kwanza eneo la mistari mitano na safu saba, kisha ubonyeze Ctrl+Shift+Enter. Mstari wa kwanza wa majibu ni vizidishi, wa pili ni kosa sanifu la kila kizidishi, yaani kipimo cha kiasi kinavyoweza kuyumba. Angalia mpangilio: LINEST inatoa majibu kinyumenyume. Namba ya kwanza kushoto ni ya safu L, upungufu, kisha joto, Ramadhani, bei, mitandao, redio, na ya mwisho kabisa kulia ni mauzo ya msingi. Mtu akisahau hili, redio inapewa namba ya upungufu, na kwa bahati mbaya jedwali halitoi onyo lolote.

Kwa kampuni yetu ya juisi tuseme majibu ni haya: mauzo ya msingi katoni 5,200 kwa wiki, redio 1,500, mitandao 1,200, bei −220, Ramadhani 1,800, joto 110, upungufu −1,400. Kabla ya kufurahia, soma alama. Bei ikipanda mauzo yashuke, sawa. Joto likipanda juisi iuzike zaidi, sawa. Kama bei ingekuja na alama ya kujumlisha, usingekuwa na sababu ya kuamini hata namba ya redio iliyo jirani yake.

Sasa uchaguzi wa masalia na shibe. Usichague kwa kuangalia tu ni seti ipi inaipendeza miaka miwili yote, maana ukijaribu seti nyingi vya kutosha, moja itapendeza kwa bahati. Ficha wiki 13 za mwisho. Endesha LINEST kwenye mistari 2 hadi 92 peke yake, tumia vizidishi ulivyopata kubashiri mistari 93 hadi 105, kisha linganisha na katoni halisi. Seti inayokosea kidogo kwenye wiki zilizofichwa ndiyo unayobaki nayo. Linganisha pia na modeli isiyo na matangazo kabisa, yenye bei, Ramadhani, joto na upungufu tu. Ikiwa hiyo inabashiri vizuri sawasawa na yenye matangazo, data yako haina la kusema kuhusu matangazo kwa sasa, na hapo ni vyema kumwambia mkurugenzi hivyo hivyo.

Kusoma mchango

Chukua wiki ya kawaida: redio milioni 4, mitandao milioni 2, mfululizo. Milioni 4 kila wiki kwa masalia ya 0.5 zinatulia kwenye 8. Shibe ni 8 gawanya kwa 20, yaani 0.40. Zidisha kwa 1,500 unapata katoni 600 kwa wiki. Mitandao inatulia kwenye 2.5, shibe 0.33, mara 1,200 ni katoni 400.

Kwa wastani basi, kila milioni ya redio imeleta katoni 150 na kila milioni ya mitandao katoni 200. Kwa faida ya 7,000 kwa katoni, hiyo ni shilingi 1,050,000 na 1,400,000. Vyote viwili vinaonekana vinajilipa. Meneja masoko atakuambia, "Si unaona, bosi? Tuongeze."

Ngoja kwanza. Wastani hauelezi milioni inayofuata. Pandisha redio kutoka 4 hadi 5: masalia yanatulia kwenye 10, shibe 10 kwa 22, yaani 0.455. Ongezeko ni katoni 82 tu, faida ya takribani shilingi 574,000 kwa milioni uliyotoa. Hasara. Punguza redio kutoka 4 hadi 3: shibe inashuka hadi 0.33, unapoteza katoni 100, yaani faida ya 700,000, lakini umeokoa milioni. Unabaki na 300,000 zaidi kila wiki kwa kutangaza kidogo. Upande wa mitandao, kupanda kutoka 2 hadi 3 kunaleta katoni 114, sawa na kama 800,000, nayo hailipi. Ila kushuka hadi 1 kunapoteza katoni 160, faida ya 1,120,000, kwa hiyo iache ilipo.

Hili la milioni inayofuata ndilo ningetaka mtu abaki nalo kama hana muda wa mengine. Mgawo wa asilimia, redio hii, mitandao ile, ni mzuri kwa slaidi za kikao. Uamuzi wa bajeti unatoka kwenye hesabu ya kuongeza na kupunguza kidogo.

Kisha rudi kwenye mstari wa pili wa LINEST. Tuseme kosa sanifu la redio ni 350 na la mitandao 500. Zidisha kwa 2, toa na ujumlishe: kizidishi cha redio kinaweza kuwa popote kati ya 800 na 2,200, cha mitandao kati ya 200 na 2,200. Yaani katoni zetu 600 za redio zinaweza kuwa 320 au 880. Ya chini ni hasara ya wazi, ya juu ni biashara nzuri. Peleka kikaoni upana huo, si namba ya katikati peke yake. Kwa mitandao upana ni mkubwa mno kiasi kwamba huwezi kuikata wala kuiongeza kwa kutegemea hesabu hii tu.

Kwa nini upana ni mkubwa hivyo

Mara nyingi sababu ni hii: matangazo yote yanapanda pamoja. Ramadhani ikikaribia kampuni inamwaga fedha redioni na Instagram wiki ile ile, Desemba vilevile, na Julai kote kunanyamaza. Modeli inaona mauzo yamepanda, inaona vitu viwili vimepanda, na haina namna ya kujua kipi kimefanya kazi. Pima:

```
=CORREL(G2:G105, H2:H105)
```

Ikizidi 0.8 upo matatani. Dalili nyingine ni kwamba ukiongeza wiki chache za data, redio inashuka nusu na mitandao inaruka juu, au mmoja unapata alama hasi.

Hakuna fomula ya kutibu hili. Tiba ni ratiba. Katika robo ya mwaka ijayo, redio ipande wiki mbili na kushuka wiki mbili, huku mitandao ikienda wiki tatu juu na tatu chini. Jumla ya bajeti inaweza kubaki ile ile kabisa. Miezi sita ya ratiba iliyopishana hivyo inaifundisha modeli mengi kuliko miaka miwili ya kupanda na kushuka kwa pamoja. Watu wa vituo vya redio watalalamika kwamba mapumziko yanaua kampeni. Ruhusa waliyonayo ni kulalamika.

Kuna ndugu yake na tatizo hili, gumu zaidi kuliona. Kama bajeti yenu inapangwa kama asilimia ya mauzo ya mwezi uliopita, basi mauzo ndiyo yanayoleta tangazo. Modeli itasoma kinyume, na redio itaonekana shujaa. Muulize mhasibu bajeti inapangwaje kabla hujaanza hesabu.

Jaribio la mkoa

Njia ya kuaminika ya kupunguza upana ni kuzima tangazo mahali fulani na kutazama. Redio ya kitaifa huwezi kuizimia mkoa mmoja, lakini Facebook na Instagram zinakuruhusu kuondoa eneo kwenye walengwa. Usijaribu kwa kuzima Temeke na kuacha Kinondoni: mtu analala Mbagala, anashinda Kariakoo, ananunua Mwenge. Nenda mikoa iliyo mbalimbali.

Tuseme mmezima mitandao Mwanza kwa wiki sita na kuiacha Mbeya kama kawaida. Kabla ya jaribio Mwanza ilikuwa katoni 640 kwa wiki, Mbeya 500. Wakati wa jaribio Mwanza 590, Mbeya 510. Mbeya imepanda asilimia 2, kwa hiyo Mwanza bila kuzimwa tungeitegemea iwe kama 653. Pengo ni katoni 63 kwa wiki.

Modeli ilisema mitandao inaleta katoni 400 nchi nzima, na Mwanza ni kama sehemu moja ya kumi ya mauzo, kwa hiyo tulitarajia pengo la kama 41. Jaribio linasema ni zaidi, sawa na kizidishi cha takribani 1,840 badala ya 1,200. Bado kipo ndani ya ule upana wa 200 hadi 2,200, kwa hiyo havipingani. Lakini kabla ya kubadilisha chochote, chora uwiano wa Mwanza kwa Mbeya wa wiki 30 zilizotangulia. Kama uwiano huo huyumba kwa asilimia 10 bila sababu, basi pengo hili la kama asilimia 10 linaweza kuwa upepo tu, na jaribio lirudiwe kwa jozi nyingine, Dodoma na Tanga kwa mfano.

Majaribio mawili yakikubaliana, lifunge jibu ndani ya modeli: zidisha safu H kwa kizidishi kilichotoka kwenye majaribio, jibu la kuzidisha litoe kwenye safu B, kisha endesha LINEST upya bila H. Redio sasa inapimwa bila kugombania katoni na mitandao, na upana wake kwa kawaida hupungua. Katika LINEST hiyo hakikisha safu zilizobaki zimefuatana bila nafasi, maana fomula haikubali eneo lililokatika.

Jedwali hili linatosha kwa njia mbili au tatu za matangazo. Zikifika tano na kuendelea, au mkitaka kila mkoa uwe na mstari wake, hamia kwenye programu za bure kama Robyn ya Meta, inayotumia R, au Meridian ya Google, inayotumia Python. Meridian inakuruhusu kuingiza matokeo ya jaribio la mkoa kama imani ya awali badala ya kuyafunga kwa mkono. Zote mbili zimetengenezwa na wauzaji wa matangazo, ila msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua.

Endesha hesabu upya kila robo ya mwaka. Kinachotakiwa kuangaliwa kwanza ni kama vizidishi vimehama nje ya upana wa robo iliyopita. Vikihama, tafuta kilichobadilika: msambazaji aliyejitoa, mshindani aliyeshusha bei, kituo kilichobadilisha vipindi. Na usiiulize modeli hii tangazo lipi la video lilikuwa zuri zaidi, au kama jina la juisi litakumbukwa miaka mitano ijayo. Wiki 104 za katoni hazina habari hiyo.